Nilivyogundua kwamba watoto wangu 385 walikuwa na thamani ya watoto 100

Nilikuwa mwaka wa nne, udaktari wa meno, na kila mtu darasani ameshakabidhi andiko la utafiti isipokuwa mimi na jamaa mwingine mmoja ambaye yeye alikuwa anaumwa kweli. Mi sikuwa naumwa, nilikuwa najiona nimemaliza. Nilikuwa na kichwa cha habari kirefu kama treni ya mizigo, kitu kama kiwango cha kutoboka meno na vihatarishi vyake kwa watoto wa shule za msingi wenye umri wa miaka 7 hadi 14, wilaya fulani miteremko ya Mlima Meru. Nyumbani kwetu ni upande ule, nimekua naona meno ya kahawia mpaka nikidhani ndo rangi ya meno, kwa hiyo niliona eneo nalijua, nitalala kwa mama, nauli hamna, kazi imeisha.

Msimamizi wangu alikuwa dokta mmoja mama mtu mzima, mpole kwa sura. Aliniita ofisini, akaniwekea andiko mezani, halafu akauliza swali moja tu. "Mwanangu, hii 385 umeitoa wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini, Dokta nimetumia fomula. Na kweli nilikuwa nimetumia, ile ambayo kila mtu anaijua:

```
n = 1.96² × p × (1 − p) / d²
```

n ni idadi ya watoto, 1.96 ni namba ya uhakika wa asilimia 95, p ni kiwango unachokitegemea, d ni kosa unalokubali kila upande. Ukiweka p 0.5 na d 0.05 inatoka 384.16, unapandisha, 385. Nenda maktaba ya chuo chochote fungua maandiko kumi ya wanafunzi, hiyo namba utaikuta mpaka uichoke. Akaniambia sawa, hesabu iko sahihi, sasa hao 385 unawapata wapi? Nikamwambia shule nne, zile za barabara kuu, karibu watoto 96 kila shule. Akacheka kidogo. "Basi huna watoto 385 mwanangu, una kama 100."

Aisee nilitoka pale nimenuna. Ilinichukua siku mbili kuelewa alichosema, na ndo hicho ninachotaka kukieleza vizuri hapa kwa sababu najua kuna mtu saa hizi ana 385 yake kwenye laptop na anatembea kifua mbele.

Ile fomula inadhani kwamba umechukua mtoto mmoja mmoja kutoka wilaya nzima, kama vile majina yote yako kwenye debe moja unachomoa. Ila sisi hatufanyi hivyo, tunaenda shule. Na watoto wa shule moja wanafanana. Wanakunywa maji ya bomba lilelile, wananunua barafu na ubuyu kwa mama yuleyule pale getini, mwalimu wa afya akiwa makini wote wanafundishwa kupiga mswaki, asipokuwa makini wote hawafundishwi. Kwa hiyo ukishampima mtoto wa kumi wa shule hiyo, wa kumi na moja anakuambia jambo jipya dogo kuliko angekuambia mtoto wa kijiji kingine. Wa tisini na sita anakuambia karibu kilekile ambacho wenzake wameshasema. Kuna hesabu ya kupima hasara hiyo:

```
DEFF = 1 + (m − 1) × ICC
```

DEFF ndo hasara yenyewe, sampuli yako inapungua mara ngapi, m ni idadi ya watoto unaowapima kila shule, ICC ni kiasi gani wa shule moja wanafanana. Dokta akaniambia nichukue ICC ya 0.03 kama dhana, niandike wazi kwamba ni dhana, halafu nijaribu na 0.01 na 0.05 nione picha inabadilikaje. Sasa weka m 96 na ICC 0.03, DEFF inatoka 3.85. Chukua 385 gawanya kwa 3.85. Mia moja. Nilirudia ile hesabu kwenye simu mara tatu nikitegemea labda nimebonyeza vibaya. Yaani ningezunguka na kioo na tochi kichwani, nipinde mgongo mara 385, mwisho wa siku kosa langu siyo asilimia 5 kila upande kama nilivyoandika, ni karibu 10. Nikisema nusu ya watoto wana meno yaliyotoboka, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 40 na 60. Hiyo ni taarifa ya kumpelekea nani?

Dawa yake ilikuwa kinyume na nilivyofikiri. Mi nilijua nitaambiwa ongeza watoto, kumbe naambiwa ongeza shule. Nikaanza upya. Kwanza nikakubali kosa la asilimia 7, maana mimi ni mwanafunzi sina gari wala mfadhili na muda wa kukusanya data ni wiki nne. Na p nikaiacha 0.5, siyo kwa uvivu, ni kwamba tafiti nilizosoma zilikuwa za miaka tofauti, vigezo tofauti, umri tofauti, na 0.5 ndo inayokupa sampuli kubwa kuliko zote kwa hiyo haikuachi pabaya. Ikatoka 196 kamili. Nikaamua watoto 20 kila shule, DEFF ikawa 1.57, mara 196 ni 308. Kisha nikafikiria fomu za wazazi zisizorudi na watoto watakaokataa, nikakadiria wawili kati ya kumi... hapana, niliandika mmoja kati ya kumi, hilo nitalirudia maana nilidanganyika, nikagawa 308 kwa 0.9 ikawa 343. Shule 18 mara 20 ni watoto 360. Watoto 360 chini ya 385, ila ukigawa kwa 1.57 thamani yao ni 229, zaidi ya mara mbili ya wale 385 wa barabarani.

Kuna kitu watu wanakosea hapa, wanasikia DEFF ni mbili basi wanazidisha kwa mbili wanafunga daftari. Mbili ni ya nani? Inategemea m yako. Ukichukua watoto 96 kwa shule halafu ukazidisha kwa mbili bado unajidanganya.

Sasa zile shule 18 unazichaguaje? Nilitaka kuandika majina kwenye vikaratasi, nichanganye, nichomoe. Shida ni kwamba kuna shule ina watoto wa umri wa utafiti mia mbili na kuna shule ya juu mlimani ina 25. Ukizipa nafasi sawa halafu kila moja ukachukua 20, yule wa mlimani ana nafasi kubwa mara nane kuliko wa mjini. Njia niliyofundishwa ni ya kujumlisha kwa kupanda. Unachukua orodha ya shule zote kwa Afisa Elimu, mbele ya kila shule idadi ya watoto, pembeni unaandika jumla inayopanda, shule ya kwanza 140, ya pili ina 85 kwa hiyo 225, hivyohivyo hadi mwisho. Tuseme jumla inafika 5,400. Gawanya kwa 18 unapata 300. Unachagua namba moja kwa bahati nasibu kati ya 1 na 300, tuseme 127, shule ambayo 127 imeangukia ndani yake imeingia, halafu unaongeza 300 unapata 427, 727, unaendelea hadi zifike 18. Shule kubwa zina mawanda marefu kwa hiyo zinanaswa kirahisi, ila ndani ya shule kubwa mtoto mmoja mmoja ana nafasi ndogo kwa sababu unachukua 20 tu, na vitu viwili vinafutana. Ukipiga hesabu kila mtoto wa wilaya anabaki na nafasi moja kati ya 15, awe wa mjini awe wa mlimani. Mi niliipenda sana hii kitu, ni kama mizani ya duka la kijijini, unaongeza huku unapunguza kule inatulia. Zile shule zenye watoto chini ya 20 unaziunganisha na jirani yake kabla hujaanza kuchagua, siyo baada.

Orodha nayo nilitenganisha mapema za serikali na za binafsi, maana mtoto mwenye hela ya soda kila siku na mtoto wa mia moja ya ubuyu siyo dunia moja, nikagawa zile 18 kwa uwiano. Hapo sikusumbuliwa.

Niliposumbuliwa ni kwenye umri. Miaka 7 hadi 14, nikaona ni pana inavutia. Dokta akauliza, mtoto wa miaka 9 hana gego la utotoni, limeng'olewa kwa kuoza au limedondoka lenyewe? Sikuwa na jibu kwa sababu jibu halipo, mdomo haukuambii. Na mtoto wa miaka 7 gego lake la kwanza la ukubwani limekaa mdomoni mwaka mmoja, wa miaka 14 limekaa nane, ukiwachanganya ukapata asilimia moja hiyo asilimia ni ya nani? Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa tafiti za kinywa, toleo la tano la 2013, lina umri wake wa kupimia, 5, 12, 15 na watu wazima. Miaka 12 wanaitumia kulinganisha nchi na nchi, kwa sababu karibu meno yote ya ukubwani yameshaota ukiacha magego ya mwisho, na mtoto bado yuko msingi unampata shuleni. Nikabaki na 12 peke yake. Aliyetimiza 12 siku ya kupimwa na hajafika 13, awe darasa la tano, la sita au la saba. Hii ya darasa ni muhimu, wenzangu wengi wanaandika darasa la sita wakidhani wameandika umri. Kwenye rejista nilikuta watoto kibao wamezaliwa tarehe 1 Januari, ukiona hivyo ujue mzazi hakuwa na cheti mwalimu akajaza, kwa hiyo nikaongeza kipengele cha kumuuliza mzazi tarehe kwenye fomu ileile ya ridhaa.

Na watoro. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto asipokuwepo nitachukua mwingine aliyepo. Dokta alipiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikachanika. Nani haji shule? Mmojawapo ni yule aliyelala na jino linamuuma usiku kucha. Ukimbadilisha na aliyepo umefuta ugonjwa uliokuja kuutafuta. Kwa hiyo unarudi siku ya pili, akikosekana tena anaandikwa hakupatikana, na haingizwi mtu nafasi yake.

Haya, tuje kwenye kupima kwenyewe, hapa ndo pale nilipojiona mtaalamu maana kliniki natoboa meno kila wiki. Kliniki nina kiti, taa, hewa ya kukaushia, eksirei. Shuleni nina kiti cha plastiki karibu na dirisha, tochi ya kichwani, kioo, pamba ya kufutia na probu ya CPI, ile yenye kadonge ka nusu milimita kwenye ncha. Mwanzoni niliandika nitatumia vigezo vya ICDAS, vile vinavyokamata hata doa jeupe la mwanzo kabisa, kwa sababu vinaonekana vya kisasa. Ila vile vinataka jino safi lililokaushwa kwa hewa kama sekunde tano, na compresa sina, nikiipata shule haina umeme. Nikashuka kwenye vigezo vya WHO, tundu lisilo na ubishi, au enameli iliyoliwa kwa chini, au sakafu na kuta ambazo ukigusa unasikia zimelainika. Doa jeupe, jino zima. Mfereji mweusi usio laini, jino zima. Ukiwa na mashaka, jino zima. Na usichimbe kwa probu ya ncha kali, utamtengenezea mtoto tundu ambalo hakuwa nalo. Gharama yake ni kwamba utahesabu pungufu, yale ya katikati ya jino na jino ambayo eksirei ingeyaona yatakupita, na hiyo unaiandika kwenye mapungufu bila aibu.

Sasa Meru ina lake. Maji ya kule yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vinapita hapo mbali, ndo maana Ngurdoto pana kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Mtoto aliyekunywa maji hayo meno yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, yanaota na mistari myeupe, kahawia, na yakizidi yanakuwa na vishimo. Vishimo! Mimi niliyezaliwa kule nilijua nitavitofautisha nimefumba macho.

Tukafanya mazoezi ya kulinganisha, mimi na Dokta, watoto 20 wa shule ambayo haimo kwenye orodha, kila mmoja anapima peke yake bila kuona karatasi ya mwenzake. Meno 28 mara 20 ni 560. Tulikubaliana meno 520 kwamba ni mazima, 16 kwamba yametoboka, na 24 tukagombana, 12 mimi nasema bovu yeye zima, 12 kinyume chake. Nikapiga hesabu, 536 kati ya 560, asilimia 96. Nikataka kwenda kunywa chai. Dokta akasema piga kapa.

Kapa inauliza swali la kukera, kwamba kama wote wawili mngekuwa mnabahatisha tu, mngekubaliana kiasi gani? Meno mengi ni mazima, kila mmoja wetu alisema 28 ndo mabovu, asilimia 5. Ukisema tu "zima, zima, zima" huku umelala utakuwa sahihi mara nyingi. Makubaliano ya kubahatisha yanatoka 0.95 mara 0.95 jumlisha 0.05 mara 0.05, yaani 0.905. Yetu ni 0.957. Kwa hiyo juu ya bahati tumepanda 0.052 tu kati ya 0.095 iliyokuwepo, kapa 0.55. Tena angalia hivi, katika meno 28 niliyoita mabovu Dokta alikubali 16. Karibu nusu ya ugonjwa wangu ulikuwa wa kwangu peke yangu.

Tukarudi mdomoni kwa wale watoto, jino kwa jino tulilogombania. Mengi yalikuwa vishimo vya floraidi nilivyoviita matundu, na mengine yalikuwa matundu ya kweli chini ya rangi ya kahawia nikayaita floraidi. Alinifundisha kuangalia kwa mpangilio huu, na nimeuweka kwenye kiambatisho cha andiko neno kwa neno. Kwanza angalia pacha, jino la kulia na la kushoto, maana floraidi inaharibu meno yaliyokuwa yanatengenezwa wakati mmoja, kwa hiyo vishimo vinakuja pande zote mbili kama hereni, wakati jino lililooza linaoza peke yake. Pili angalia mahali, kuoza kunakaa pale uchafu unapokaa, kwenye mifereji ya magego, kati ya meno, karibu na fizi, ila kishimo cha floraidi unakikuta hata kwenye uso laini wa mbele na kwenye ncha za jino ambapo ulimi na mdomo vinafuta kila saa. Mwisho gusa kwa kadonge, kishimo cha floraidi chini ni kigumu kinateleza kama kigae, cha kuoza kinashika na kinabonyea. Na jino linaweza kuwa na vyote viwili, hapo unaandika kuoza kwenye safu yake na floraidi kwenye safu yake, kwa kipimo cha Dean, kile cha zamani, kwa sababu kipo kwenye fomu ya WHO na hakidai kukausha.

Siku nyingine tukarudia na watoto wengine 20. Mazima 528, mabovu 24, ugomvi 8. Kapa 0.85. Asilimia ya kukubaliana ilipanda kutoka 96 kwenda 99 tu, ukiitazama hiyo peke yake ungesema hakuna kilichobadilika. Na siyo mwisho, kila shule nitarudia watoto wawili kati ya 20 bila mimi kujua ni nani, mwandishi wangu anayejaza fomu ndo anawachanganya kwenye foleni, nijue kama mimi wa saa nne ndo mimi wa saa saba.

Jambo lingine dogo la eneo. Kuna DMFT, hesabu ya meno yaliyooza, yaliyotoka na yaliyozibwa, na herufi M yake ni jino lililotoka kwa sababu ya kuoza, namba 4 kwenye fomu. Upande ule utakutana na mtoto wa jamii ya Kimaasai ametolewa meno ya mbele chini kwa mila, na utakutana na mtoto hana chonge kwa sababu alipokuwa mchanga akaharisha, akahomeka, mtu akasema ana meno ya plastiki akamchokonoa fizi. Wote hao ni namba 5, sababu nyingine. Ukiwaandika 4 umetengeneza wagonjwa wa kuoza meno kwa pipi ambao pipi hawaijui. Na huulizi kwa sauti mbele ya wenzake nani alikutoa jino, unamuuliza pembeni, taratibu, kwa lugha yake.

Nikafika kwenye maadili, ukurasa mmoja na nusu, niliukopi karibu wote. Taarifa zitakuwa siri, ushiriki ni hiari. Kamati ya chuo ikaurudisha na maswali ambayo yalinionyesha kwamba sikuwa nimewaza mtoto hata mmoja.

Nilikuwa nimeandika mwalimu mkuu atatoa ridhaa kwa niaba ya wazazi. Mwalimu mkuu anatoa ruhusa ya kuingia shuleni, baada ya barua kushuka kutoka mkoani, halmashauri, Afisa Elimu, ila mtoto siyo wake. Mzazi au mlezi ndo anasaini, asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi anaweka dole gumba. Nikajaribu ujanja wa kwamba fomu isiporudi tunahesabu mzazi amekubali, wakaukataa palepale, kwamba ukimya wa fomu iliyobaki kwenye begi chini ya daftari la hisabati siyo ridhaa. Kwenye shule ya majaribio nilituma fomu 30 Jumatatu, Jumanne zikarudi 17, nikakata tamaa, ila baada ya mwalimu wa darasa kukumbusha na mimi kutoa nakala mpya, hadi Ijumaa zilikuwa 26. Hapo ndo niliporudi kwenye ule mmoja kati ya kumi nikaona niko karibu na ukingo, nikaweka kwenye ratiba mizunguko miwili ya fomu kabla ya siku ya kupima, na shule 18 zinabaki na nafasi kidogo maana 360 inazidi 343.

Swali la pili lilikuwa, ukimkuta mtoto ana usaha kwenye fizi utafanya nini? Niliandika atapewa rufaa. Wakauliza kwenda wapi, kwa hela ya nani. Nikakaa kimya tena. Ilibidi nipande basi nikaongee na daktari wa meno wa hospitali ya wilaya, nikamwambia mkuu, katika watoto 360 naomba nikuletee wenye uvimbe na maumivu, akanipa siku moja kwa wiki na akaniambia ukweli kwamba kung'oa ataweza, kuziba vifaa vinakuja na kukata. Hiyo ndo iliyoandikwa kwenye andiko, siyo "atapatiwa matibabu yote". Kila mtoto anaondoka na karatasi iliyokunjwa ya mzazi, hata asiye na tatizo, ili karatasi isiwe tangazo kwamba huyu ndo mwenye meno mabovu.

Kwa sababu hiyohiyo hatusemi "limeoza" tunapopima. Nasema namba, sifuri, sifuri, moja, mwandishi anaandika, na kiti kinageuzwa dirishani, foleni inasubiri nje. Kule kwetu mtoto mwenye meno ya kahawia anacheka ameziba mdomo kwa mkono, usimpe darasa zima sababu nyingine. Jina linakaa kwenye daftari moja lililofungwa, fomu ina namba tu, tena sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha hakuna. Vioo na probu seti 25 kwa siku, watoto 20, marudio wawili, na tatu za akiba kwa zitakazodondoka chini, zinachemshwa kwa mvuke hospitali ya wilaya jioni, glavu jozi moja mtoto mmoja, na taka zinarudi na mimi hospitali, haziachwi kwenye shimo la shule watoto wakachezea glavu.

Miswaki ilinigombanisha kidogo na kamati. Nilitaka kumpa kila anayeshiriki mswaki na dawa. Wakasema huo ni mtego, mtoto wa mkulima atakubali chochote apate mswaki. Nikabadilisha, miswaki inapewa waliochaguliwa wote 20, aliyekubali na aliyekataa, baada ya kazi kuisha, na haitajwi kwenye fomu ya mzazi. Bajeti haikubadilika hata senti.

Mwisho ni ridhaa ya mtoto mwenyewe, hii nilidhani ni mapambo. Siku ya majaribio kulikuwa na binti, mama yake amesaini vizuri kabisa, amekaa kwenye kiti, nikamweleza kwa lugha yake, nikamuuliza niangalie? Akanyamaza, ameziba mdomo kwa mkono. Mwalimu akasema kwa ukali, "Fungua mdomo, daktari ana haraka!" Nikamwambia Mwalimu samahani, fomu yake inasema akikataa anaondoka. Binti akaniangalia, akateremka, akaenda kukaa na wenzake nje. Kwenye karatasi niliandika namba yake, na pembeni yake, mama amekubali, mtoto amekataa. Mswaki wake alipewa.